Jina la Aloyce Kwenye Kitabu cha Lindo

Romana alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomfikisha alikofika, kwa mema na kwa mabaya. Alizaliwa Mamba, kwa Wapimbwe walima mpunga, akasomea shule ya misheni, akapitia mgambo, akaingia kwenye ulinzi akiwa na miaka ishirini na sita. Alipofikisha arobaini na moja alikuwa kiongozi wa zamu ya mchana kwenye ghala moja kubwa la mahindi mjini Mpanda, upande wa stesheni. Walinzi walimwita afande. Majirani zake walimwita Mama Agape, kwa jina la binti yake aliyekuwa kidato cha tatu.

Lindo lake la kwanza kabisa lilikuwa Ikola, ziwani, kwenye mapipa ya mafuta ya maboti. Kampuni ya ulinzi ilimweka pale peke yake, ikamwambia mwenzake atakuja jioni. Jioni ikafika, mwenzake hakufika. Akakaa usiku kucha na siku ya pili yote, katikati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Kila alipotaka kwenda kujisaidia alikumbuka maneno aliyoambiwa: pipa likipungua, ni wewe. Alijibana mpaka akaugua, akalazwa wiki nzima. Tangu hapo alichukia kitu kimoja kuliko wezi, nacho ni mtu kuachwa kwenye lindo bila wa kumpokea.

Kwa hiyo alipopewa uongozi wa ghala, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa ratiba. Alinunua karatasi ya manila na rula, akakaa sakafuni nyumbani kwake jioni mbili. Ghala lilikuwa na malindo manne: geti kuu lenye mizani ya malori, geti la nyuma linalotazama reli, uwanja wa malori, na mlango wa ghala lenyewe. Yote ni ya saa ishirini na nne, siku saba, hayaachwi hata dakika moja. Zamu ni mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mtu asiyejua angesema walinzi wanane wanatosha. Romana alijua hawatoshi. Wanane ni kwa wiki ambayo hakuna anayeumwa, hakuna anayefiwa, na hakuna anayepumzika hata siku moja. Aliomba kumi na mmoja. Wawili wa kuziba siku za mapumziko, na mmoja ambaye kazi yake mchana ni kuzunguka tu na kupokea wenzake.

Huyo mmoja alikuwa Ngusa, mtu mpole mwenye miguu mirefu. Saa mbili asubuhi Ngusa alisimama geti kuu, mlinzi wa pale akaenda kukaa kivulini, akala, akavua viatu, saa nzima. Saa tatu Ngusa alikwenda geti la reli. Saa nne uwanjani. Saa tano mlango wa ghala. Hivyo hakuna aliyesimama zaidi ya saa tano mfululizo kabla hajapumzika, na hiyo ndiyo sheria ya kazi inavyotaka. Mchana, kuanzia saa nane, Ngusa alizunguka tena, dakika ishirini kila lindo, kwa chai na choo. Na kwa kuwa wa kwanza kupumzika ndiye anayebaki na kipande kirefu cha jua, Romana alibadilisha mpangilio kila Jumatatu, asionewe mtu yule yule. Zamu ya usiku ilikuwa na mpango wake: kiongozi wao hakuwa na lindo, yeye ndiye aliyewapokea.

Makabidhiano nayo aliyatia nidhamu. Anayeingia afike robo saa kabla. Wazunguke pamoja, washike kila kufuli kwa mkono, wahesabu lakiri, ile mihuri ya milangoni, wakabidhiane redio na funguo, anayetoka aseme kila kilichotokea hata kama ni mbuzi aliyepita. Ndipo wote wawili waweke saini kwenye kitabu cha lindo. Anayetoka haondoki mpaka amwone anayeingia kwa macho yake.

"Afande, unatufanya kama benki," Malale alimtania siku moja.

"Benki wana viyoyozi," Romana akamjibu. "Nyie mna mimi."

Malale alikuwa kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini na tisa, ambaye wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe wao. Ng'ombe walikwisha, yeye akahamia mjini, akapanga Ilembo na mkewe Nyanzala na watoto wawili. Aliishia darasa la nne, kuandika kulimpa taabu, lakini kwenye kuongoza malori hakuwa na mpinzani. Dereva alimtazama mkono tu kwenye kioo, akarudi nyuma mpaka kwenye mizani bila kugusa nguzo.

Mambo yalikwenda vizuri miaka miwili. Kisha mkataba wa ghala ukaisha, kampuni nyingine zikaja na bei za chini, na kampuni ya Romana ikashusha yake ili isiondolewe. Wiki iliyofuata meneja wa operesheni, Wiliam, alifika na pikipiki yake, akamwita Ngusa pembeni, akaondoka naye. Romana alimkimbilia.

"Bosi, huyo ndiye mpokezi wangu."

"Kuna lindo jipya hospitalini. Mteja halipii mtu wa kutembeatembea, Mama Agape. Analipia malindo manne."

"Na mapumziko?"

"Mtu anapumzika pale pale. Akae kwenye kiti."

"Kukaa kwenye kiti na kushika kamba ya geti siyo kupumzika."

Wiliam alicheka, hakukasirika. Hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kupambana naye. "Tuvumilie mwezi mmoja. Ila ratiba yako usiitoe ukutani. Wakaguzi wa mteja wanaipenda sana."

Mwezi ukawa minne. Wale wawili wa kuziba nafasi nao waliondolewa, mmoja baada ya mwingine. Wakabaki wanane. Ratiba ilibaki ukutani, safi, na jina la Ngusa likiendelea kuzunguka lindo hadi lindo kila siku, wakati Ngusa mwenyewe alikuwa amesimama mlango wa hospitali. Kila Jumatatu Romana aliandika karatasi mpya kwa mwandiko wake mzuri. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Baadaye ulizoea.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, na kilikuja polepole. Mtu anapotaka siku ya kupumzika, inabidi mwingine aunganishe zamu mbili. Lakini mkataba ulikataza mlinzi kuzidisha saa kumi na mbili, na kitabu cha lindo kinakaguliwa. Basi Wiliam akasema kitabu kionyeshe makabidhiano kama kawaida. Aliyebaki aandike amemkabidhi yule ambaye alipaswa kuja, kisha aendelee kusimama. Romana alibisha mara moja, kwa sauti ndogo. Wiliam akamuuliza binti yake anaendeleaje na masomo. Hakusema zaidi ya hapo, na Romana hakubisha tena.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, msimu ambao malori ya mahindi yanapanga foleni kutoka Mpimbwe na kwingineko. Romana alifika saa kumi na moja na nusu asubuhi. Malale alikuwa geti kuu tangu jana jioni. Wa kumpokea alikuwa Aloyce. Saa kumi na mbili ikapita, na robo ikapita, Aloyce hakuonekana. Geti la reli nalo halikuwa na mtu, mlinzi wake wa mchana alikuwa amekwenda msibani Sitalike. Romana akampigia Wiliam.

"Aloyce nimempeleka kituo cha mafuta," Wiliam alisema. "Yule wa pale kaacha kazi ghafla. Malale aendelee kidogo, saa nne nakuletea mtu."

"Kasimama usiku mzima, bosi."

"Saa nne tu, Mama Agape. Geti la reli shika wewe mwenyewe."

Malale alikuwa ameshafungua kitabu, kalamu mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Niandike nini, afande?"

Romana aliangalia foleni ya malori. La kwanza lilishawasha injini.

"Andika umemkabidhi Aloyce, saa kumi na mbili kamili."

Malale aliandika taratibu, herufi moja moja, akaweka saini yake. Kisha akaweka na ya Aloyce, kama walivyozoea. Romana alikwenda geti la reli.

Saa nne hakuja mtu. Romana alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena saa tano, Wiliam akasema mtu yuko njiani. Kutoka geti la reli hadi geti kuu ni dakika sita kwa mguu, na kati yake kuna ghala zima, huwezi kuona. Alimwita Malale kwenye redio kila nusu saa.

"Geti kuu, uko salama?"

"Niko salama, afande."

Saa saba alimwomba mpika chakula wa nje ya uzio ampelekee Malale ugali na maharage. Mama yule alirudi akasema kijana anakula mkono mmoja, mwingine umeshika kamba ya geti, na tonge linamkaa mdomoni bila kutafunwa. Romana akafikiria kufunga geti la reli kwa kufuli aende kumpokea, hata saa moja tu alale chini. Akafikiria pia kufunga geti kuu, malori yasubiri. Lakini treni ya mizigo ilikuwa inategemewa mchana ule, na meneja wa ghala alikuwa mtu wa kupiga simu makao makuu kwa jambo dogo. Akajiambia mtu yuko njiani.

Saa nane na nusu alisikia kelele, siyo kwenye redio. Zilivuka juu ya mabati ya ghala. Akaliacha geti la reli wazi akakimbia.

Dereva wa lori alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, ameshika kichwa. Alikuwa akirudi nyuma kuingia mizani, alisema, akimtazama Malale kwenye kioo kama siku zote. "Alinyoosha mkono. Nikamfuata mkono. Halafu mkono ukashuka wenyewe, kama mtu aliyekufa amesimama. Nikadhani amehama. Mungu wangu, nikadhani amehama." Malale alikuwa kati ya tela na nguzo ya geti. Alikuwa hai, macho wazi, na sasa usingizi ulikuwa umemtoka kabisa.

Alikuwa amesimama kwa saa ishirini na nusu.

Hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Usiku wa Ijumaa Romana alikuwa bado na vumbi la geti kwenye viatu, na Jumamosi asubuhi Wiliam alimletea karatasi iliyokwisha kuchapishwa. Ilisema mlinzi Malale alimaliza zamu yake saa kumi na mbili asubuhi na kukabidhi lindo kwa mlinzi Aloyce, kama kitabu kinavyoonyesha. Baada ya hapo alibaki eneo la mteja kwa shughuli zake binafsi bila ruhusa. Ajali haikutokea kazini.

"Hii siyo kweli," Romana alisema.

"Kitabu ndivyo kinavyosema."

"Kitabu tulikiandika sisi."

"Alikiandika yeye. Mwandiko wake. Na aliyemwamuru ni nani?" Wiliam alimsogezea kalamu. "Mimi sikuwepo, Mama Agape. Kama kitabu ni cha uongo, basi wewe ndiye uliyeghushi kumbukumbu za lindo, na ratiba ya ukutani ni mwandiko wako miezi minne yote. Sitaki ufike huko. Saini tu, hapa chini."

Romana alisaini. Hakuna aliyemshika mkono.

Jumapili baada ya misa alikwenda hospitalini na chupa ya uji. Malale alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nyanzala alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mtoto mdogo mgongoni. Alisimama, akampokea uji kwa mikono miwili, akasema shikamoo kama inavyopasa kwa mtu mzima.

"Wamekuja wa kampuni," Nyanzala alisema. "Wanasema mume wangu hakuwa kazini. Mama, wewe ulikuwepo. Alikuwa wapi kama hakuwa kazini?"

Romana akasema mambo hayo yanashughulikiwa. Aliyasikia maneno yakitoka mdomoni mwake na akayajua: yalikuwa ya Wiliam.

Malale akazungumza bila kugeuka. "Niliandika ulichoniambia, afande. Mimi mwenyewe nisingejua hata kuandika 'kukabidhi'."

Wiki sita Romana aliendelea kwenda kazini. Alipokea malori kwenye geti lile lile, nguzo ikiwa imepakwa rangi mpya. Alipunguza kula. Agape alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Jumatatu ya wiki ya saba alikaa na karatasi mpya ya ratiba mezani, akaanza kuandika jina la Ngusa saa mbili, saa tatu, saa nne, akashindwa kuendelea. Aliikunja, akapanda bajaji hadi kwa afisa kazi.

Afisa kazi aliitwa Pelagia, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kitabu kinasema Aloyce alipokea geti," Pelagia alisema. "Karatasi yako uliyosaini inasema hivyo hivyo. Nitaaminije unayosema leo?"

"Kituo cha mafuta nacho kina kitabu cha lindo," Romana akajibu. "Asubuhi ile Aloyce alisaini kule, saa kumi na mbili kamili. Nimemuuliza mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kupokea malindo mawili dakika moja, na kutoka ghalani hadi pale ni mwendo wa pikipiki robo saa. Linganisha saini utaona ya kwetu ni mwandiko wa Malale."

Pelagia aliandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Saa kumi na mbili za kupumzika kati ya zamu na zamu, hakupata. Mapumziko baada ya saa tano, hakupata. Haya nitayauliza kwa kampuni. Lakini wewe nakuuliza hivi. Ulikuwa kiongozi wa zamu. Kwa nini hukufunga geti?"

Romana alikuwa na majibu mengi njiani. Treni, meneja wa ghala, foleni, simu za Wiliam, ada ya Agape. Pale mbele ya meza aliyaacha yote.

"Niliogopa," alisema.

Vitabu viwili vililetwa mezani, ukweli ukaonekana kwa mchana mmoja tu. Malale alitambuliwa kuwa aliumia akiwa kazini, madai yake ya fidia yakaanza safari yake ndefu ya mafaili. Kampuni ilimfukuza Romana kwa kughushi kumbukumbu za lindo. Barua haikuwa na neno la uongo hata moja. Wiliam alihamishiwa mkoa mwingine, na waliomjua walisema amepandishwa. Ghala likachukua kampuni nyingine, ambayo nayo ilishinda kwa bei. Ilileta walinzi wanane.

Mwezi wa kumi Romana alikwenda Ilembo. Alikuwa ameamua kurudi Mamba kulima na dada yake msimu ule, na hakutaka kuondoka bila kuaga. Malale alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, magongo yameegemezwa ukutani. Nyanzala alileta kiti, akakifuta kwa kanga, kisha akabaki amesimama.

"Nimesikia ulisema kweli," alisema Nyanzala. "Asante, mama. Lakini ungeisema Jumamosi ile ile. Wiki saba watu wa hapa mtaani walisema mume wangu alikwenda ghalani kuiba. Watoto wangu walilisikia hilo. Afisa kazi hana karatasi ya kulifuta."

Aliingia ndani. Romana alikaa kwenye kiti. Bodaboda mbili zilipita, vumbi likatulia.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Malale alisema hatimaye. Hakumwita afande. "Ile saa nne. Nilikuwa naangalia kona ya ghala. Nilijua Wiliam hatamleta mtu, mimi siyo mtoto. Lakini nilisema afande anajua nimesimama tangu jana, atatokea pale kwenye kona. Ulikuwa wapi?"

"Geti la reli," Romana alisema. "Sikuwa na mtu wa kumwachia."

Malale alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea na halijamsaidia.

"Hata mimi sikuwa na mtu wa kumwachia," alisema.

Romana alitaka kumwomba msamaha. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga tangu nyumbani kwake. Lakini Malale alikuwa ameshavuta magongo, anahangaika kujiinua, na Romana alipomnyooshea mkono amsaidie, alikataa kwa kichwa. Alisimama mwenyewe. Ilimchukua muda. Kisha akaingia ndani kwake, na Romana akabaki pale nje, kwenye kiti alichofutiwa, mpaka alipoona haya kuendelea kukaa.